Ruhusa ya Mjomba Othmani

Katika mtaa wa Majengo, mjini Nyeri, arusi bila Mwanasiti jikoni ilihesabiwa kuwa mkutano tu. Yeye ndiye aliyejua sufuria ya kulisha watu mia inataka kuni ngapi, na ni saa gani moto upunguzwe ili wali usishike chini. Alipika huku mtoto wake Saumu akiwa mgongoni, mtoto akinukia bizari kuliko maziwa. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amefariki kwenye kona za Sagana kabla Saumu hajaota jino, na kodi ya chumba walichokuwa wamepanga Majengo ikamshinda.

Ndipo mjomba wake Othmani akajitokeza. Huyu alikuwa kaka wa mama yake, mchuuzi wa ng'ombe kule Nanyuki, mwenye kofia safi na sauti ya kuuzia fahali mnadani. Alikuwa na robo eka Kamakwa, nje kidogo ya mji, aliyoinunua kwa mzee mmoja na kuandikishiwa hati kwa jina lake. Hakuwa na haja nayo. Ilikuwa na magugu, mteremko wa kuelekea mtoni, na kibanda cha mbao.

"Kaa hapo, mwanangu," alimwambia, mwaka mmoja baada ya bendera ya uhuru kupandishwa. "Nikihitaji ploti yangu nitakwambia. Sasa lea mtoto."

Mwanasiti akakaa. Akang'oa magugu, akapanda nduma kule chini kwenye unyevu, na kila Idd akampelekea mjomba Nanyuki kikapu cha nduma na kuku aliyefungwa miguu. Mjomba alikula nduma, akamsifu kuku, na mambo yakawa matamu kwa miaka mitano. Mambo yaliharibiwa na ng'ombe.

Othmani alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza, na arusi ikafanyiwa Majengo. Kwa kuwa mchuuzi wa ng'ombe hanunui nyama, alileta fahali wake mwenyewe kutoka Nanyuki, akamtembeza barabarani mchana ili watu waone. Mwanasiti alipomwona tu alijua kuna kazi. Lakini ungemwambia nini mtu aliyevaa kanzu mpya? Aliwasha moto alfajiri. Adhuhuri nyama ilikuwa ngumu. Alasiri ilikuwa ngumu. Wageni waliketi, wakatafuna, wakatazamana, wakatafuna tena. Mzee mmoja aliitoa mdomoni akaiweka pembeni ya sinia kwa heshima, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

Othmani akaja jikoni, uso umemwiva.

"Mwanasiti! Unaniaibisha mbele ya wakwe? Huyu ng'ombe wa miaka mitatu umempikaje akawa kiatu?"

Mwanasiti alikuwa amesimama kwenye moshi tangu alfajiri, Saumu analia, macho yanamwasha. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Mjomba, miaka mitatu ya nani? Huyu ng'ombe alipigana na Wajerumani."

Wanawake wa jikoni wakaangua kicheko. Kicheko kikaruka ua kikaingia kwa wanaume, na mtu mmoja huko akakirudia kisa kwa sauti. Hata bwana arusi alicheka. Othmani alikuwa mtu wa kusamehe deni, lakini ng'ombe wake asiguswe.

"Sikieni nyote!" alisema kwa ile sauti yake ya mnadani. "Huyu si mtoto wa dada yangu tena. Mwisho wa mwezi huu atoke kwa ploti yangu. Kuanzia hapo sina ruhusa niliyompa, na akibaki, anabaki kama mwizi. Nyote ni mashahidi!"

Mashahidi walikuwa zaidi ya mia, na midomo yao ilikuwa bado inatafuna.

Mwisho wa mwezi ukaja. Mwanasiti alifunga vyombo kwenye shuka, akaketi juu ya kifurushi akingojea kufukuzwa. Hakuna aliyekuja. Akangoja siku ya pili. Siku ya tatu Saumu alitaka uji, na sufuria ilikuwa imefungwa ndani ya kifurushi, ikabidi afungue. Alivyofungua hakuvifunga tena.

Jirani yake Watiri, mama mwenye shamba la kahawa ng'ambo ya njia, ambaye naye alikuwa arusini, alimwona akichimba mashimo ya ua wiki ile ile.

"Ati wewe umefukuzwa na unapanda kaiyaba?"

"Nimefukuzwa na mdomo," Mwanasiti akajibu. "Mdomo ukija na miguu, nitatoka."

Kaiyaba ni ua wa miiba. Ukishakua hata kuku hapiti. Ulikua. Othmani alituma salamu za kumfukuza kila Idd, nazo zilifika bila kukosa kuliko zawadi. Siku moja alimtuma mchungaji na fahali wanne waje walishwe kwenye ploti. Mwanasiti alifunga lango, akasimama nyuma yake na mwiko, na wale fahali wakala majani ya barabarani wakarudi walikotoka. Yeye naye aliacha kupeleka kikapu. Alipojenga chumba cha mawe mahali pa kile kibanda, hakumwomba mtu. Alipopanda miparachichi, hakumwomba mtu. Saumu alikua, akasoma, akaolewa Karatina, akarudi kujifungulia kwenye chumba kile kile cha mawe. Mwanasiti alimwogesha mjukuu kwenye karai, dirisha likitazama mlima, akawaza: hapa ndipo pangu. Kisha akakumbuka hati iko Nanyuki, na moyo ukampoa kama maji ya karai.

Mara moja tu mjomba alikuja. Ilikuwa mwaka alioazimia kwenda Makka, na mtu hawezi kwenda kuhiji na kinyongo cha watu shingoni. Huzunguka kwanza akiwaomba radhi wote aliowakosea. Othmani alizunguka Nanyuki, akazunguka Majengo, Kamakwa akaiweka mwisho. Alisimama nje ya lango, mikono nyuma.

"Mwanasiti. Kama nilikukosea kwa maneno, nisamehe."

"Nimekusamehe, mjomba. Nami nisamehe kwa maneno ya ng'ombe."

Mzee akaitengeneza kofia yake. "Nimekusamehe. Ingawa alikuwa wa miaka mitatu."

Mjukuu alilia ndani. Mwanasiti alishika lango kwa mikono miwili, akajikaza.

"Na ploti, mjomba? Nikae?"

Othmani aliutazama ua wa kaiyaba kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anayekadiria uzito wa mnyama. Neno moja tu lilihitajika. Angesema "kaa," angeondoka na radhi yake yote na ploti yake yote.

"Hiyo tutaongea nikirudi," alisema.

Alirudi akiwa Haji, na hawakuongea.

Miaka mingine ikapita. Nyeri ikapanuka, Kamakwa ikawa mahali pa watu wenye magari, na tajiri mmoja aitwaye Kingori, mwenye maduka Kagio, akaitaka ile robo eka ajenge nyumba za kupangisha. Othmani alikuwa mzee sasa, na biashara iko mikononi mwa mwanawe Muhammad. Muhammad hakuwa na habari za ng'ombe wala Wajerumani. Alijua hati ipo kabatini na mnunuzi yupo mlangoni. Basi wakaweka kesi, na Mwanasiti akaletewa karatasi za mahakama: atoke, ni mvamizi.

Ilikuwa imepita zaidi ya miaka kumi na minane tangu ile arusi.

Watiri ndiye aliyemshika mkono hadi kwa wakili Gatimu, aliyekuwa na ofisi juu ya duka la vitambaa mjini. Gatimu alikuwa kijana mwembamba anayesikiliza kichwa kikiwa kimeinama.

"Mama Saumu, uliingiaje hapo?"

Mwanasiti alikuwa amejitayarisha usiku kucha. Alitaka kuonyesha kwamba yeye si mhuni. "Mjomba wangu mwenyewe alinipa ruhusa," alisema. "Kwa mapenzi. Ananipenda sana mjomba wangu. Niko hapo kwa ruhusa yake mpaka leo."

Gatimu alifunika uso kwa mikono. "Mama, usiseme hivyo tena mbele ya mtu."

"Kwa nini? Si ndiyo adabu?"

"Adabu itakutoa kwa nyumba. Sikiliza. Mwenye ardhi yake ana miaka kumi na miwili ya kwenda kortini kumtoa mtu anayekaa hapo bila ruhusa. Akilala, na yule mtu amekaa wazi watu wakimwona, bila kukatizwa, akijiweka kama mwenyewe, basi mwenye hati amechelewa. Na yule mtu anaweza kuomba Mahakama Kuu aandikwe yeye. Lakini kama amekaa kwa ruhusa, hata miaka mia ni mgeni tu. Sana sana kwa watu wa ukoo mmoja. Jaji anaona ni msaada wa kifamilia."

Mwanasiti alifikiri. "Kwa hivyo mtu mwenye adabu anatoka, na mwizi anabaki?"

"Sheria haisemi mwizi, mama. Inasema… Haya, niambie. Hiyo ruhusa, haikuisha siku yoyote?"

Mwanasiti akatazama sakafu. Kwa miaka yote alikuwa ameificha ile siku kama mtu anavyoficha kovu chini ya leso. Ni Watiri aliyeropoka.

"Si alifukuzwa! Mbele ya arusi nzima! Aliitwa mwizi!"

Gatimu akainua kichwa. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeletewa chai.

"Alikuita mwizi? Mbele ya watu? Mama, kwa nini hukuanza na habari njema?"

Akauliza yote. Je, mzee aliwahi kurudi kukaa hapo, hata siku moja? La. Alimtoa, hata kwa mwezi? La. Alishitaki kabla ya sasa? La, alituma tu salamu kila Idd. "Salamu si kesi," alisema Gatimu. "Angetuma salamu hata kwa redio, miaka ingehesabika tu." Ilipofika habari ya lango na safari ya Makka, akaweka kalamu chini.

"Hapo ndipo hatari. Alisema ukae?"

"Alisema tutaongea akirudi."

"Hakusema kaa?"

"Hakusema."

"Una shahidi?"

"Mjukuu. Alikuwa ananyonya."

Gatimu akapeleka maombi Mahakama Kuu, yakaambatanishwa na nakala ya hati iliyoonyesha jina la Othmani, maana lazima useme ardhi ni ya nani kabla ya kusema sasa ni yako. Kesi ya Muhammad ya kumtoa na ombi la Mwanasiti zikasikizwa pamoja, mbele ya jaji mmoja.

Siku hiyo Mwanasiti alivaa buibui iliyopigwa pasi na Saumu. Alipoingia ukumbini, jambo la ajabu likatokea. Mjomba Othmani, ambaye kwa miaka yote alikuwa akivuka barabara akimwona, alisimama na fimbo yake, akatabasamu.

"Mwanangu," alisema. "Habari ya nyumbani? Mtoto mzima?"

Mwanasiti alitaka kumbusu mkono. Gatimu akamvuta kwenye benchi. "Wamemfundisha," akanong'ona. "Leo anakupenda. Akikupenda hadi jioni, huna nyumba."

Hapo Mwanasiti akaelewa kesi yake ilivyo. Mjomba aliyemchukia lazima athibitishe mapenzi. Na yeye, aliyeyatamani mapenzi hayo kila Idd, lazima athibitishe kwamba hakupata hata tone.

Mwanasiti alitoa ushahidi kwanza. Alisimulia ng'ombe, tusi, kifurushi, mwiko langoni, miparachichi. Wakili wa Muhammad, bwana wa miwani minene, alimjia kwa upole.

"Bi Mwanasiti, ukoo wako ni watu wabaya?"

"La, bwana. Ni watu wazuri."

"Mjomba wako ni mkatili?"

Saumu, nyuma, alifunga macho. Mwanasiti akamtazama mjomba. "Si mkatili. Ni… anapenda ng'ombe wake."

Watu wakacheka; hata jaji alishika kidevu.

"Na langoni alikuja kupatana nawe, ukamsamehe, akakusamehe. Watu waliopatana, mmoja anakaa kwa mwenzake bila ruhusa?"

"Tulipatana kwa maneno, bwana. Ploti aliiacha njiani."

Watiri naye akaeleza aliyoyasikia arusini kwa masikio yake, na miaka aliyoiona kwa macho yake kutoka ng'ambo ya njia. Kisha akaitwa Othmani. Aliapa na msahafu mkononi, akasimama wima. Wakili wake alimwongoza taratibu, kama mtu anayempitisha ng'ombe kwenye daraja.

"Haji, huyu ni nani kwako?"

"Mtoto wa dada yangu."

"Unampenda?"

Mzee akakohoa. "Nampenda."

"Ulimpa mahali pa kukaa?"

"Nilimpa. Nilimwonea huruma, ana mtoto mdogo."

"Na maneno ya arusini yalikuwa hasira tu? Yakaisha?"

"Hasira tu," alisema Othmani, akitazama dari.

Wakili akaketi ameridhika. Mwanasiti aliona mikono yake mwenyewe imelala mapajani kama ya mtu mwingine. Akaiona nyumba ikiondoka: dirisha, karai, mlima.

Gatimu akasimama. Hakuwa na haraka.

"Haji, pole kwa safari. Mimi najua wewe ni mtu mpole."

"Ndiyo."

"Hata mtu akikudharau, unasamehe upesi."

"Inategemea."

"Huyu mama alisema ng'ombe wako alipigana na Wajerumani. Lakini kumbe siku ile ile uliyapuuza maneno yake. Pengine ni kweli ng'ombe alikuwa mzee kidogo—"

"Nani mzee?" Fimbo iligonga sakafu. "Yule alikuwa wa miaka mitatu! Nilimnunua mimi mwenyewe akiwa ndama!"

Wakili wa miwani akainuka nusu. "Mheshimiwa, umri wa ng'ombe si—"

"Haji ameulizwa habari ya ile hasira," alisema jaji. "Aendelee."

"Basi aliongopa mbele ya wakwe zako," Gatimu akasema kwa huzuni, "na wewe bado, kesho yake, ukampa ruhusa aendelee kukaa. Huo ni moyo mkubwa sana."

"Kesho yake? Mimi?" Othmani alimgeukia jaji, amekasirika kama siku ya arusi. "Mheshimiwa, asinitie maneno kinywani. Tangu mwezi ule kwisha sikumpa ruhusa hata siku moja! Nilimtumia watu kila Idd kumwambia atoke. Nilileta fahali, akanifungia. Yeye alikaa kwa kiburi chake!"

"Haji!" alisema wakili wake.

"Niache, niko chini ya kiapo! Na langoni, nikienda Makka, aliniuliza, nikae? Sikusema kaa. Nilimwambia tutaongea. Mimi si mjinga. Ningemwambia akae, si angejifanya ploti ni yake?"

Muhammad aliinamisha kichwa akakishika. Gatimu aliinama kwa adabu.

"Sina swali jingine, Mheshimiwa."

Othmani alishuka kizimbani akijipangusa, akampitia Mwanasiti huku amenyanyua kidevu, kama mtu aliyeshinda.

Hukumu ilisomwa baada ya muda. Jaji alisema kwamba jamaa akikaa kwa jamaa yake, mahakama huchukulia kwanza ni kwa ruhusa. Lakini hapa ruhusa iliondolewa mbele ya hadhara, haikurudishwa, na mwenye hati mwenyewe ameapa hivyo kwa nguvu zake zote. Mwanamke amekaa wazi, peke yake, kama mwenyewe, kwa zaidi ya miaka kumi na miwili kabla ya kesi kufunguliwa. Kuomba radhi si kutoa ruhusa. Vitisho si kumtoa mtu. Msajili wa ardhi amwandike Mwanasiti.

Nje, Watiri alipiga vigelegele vitano na kuanza upya. Mwanasiti alikaa kwenye ngazi, akalia. Saumu alidhani ni furaha.

"Siyo hivyo," alisema Mwanasiti. "Nimeshinda kwa sababu hakunitaka."

Mambo hayakuishia hapo. Kingori alinunua ploti nyingine, Muhammad akauza ng'ombe waliobaki, akahamia Mombasa na mke asiyetaka mzee ndani. Mvua za vuli zilipoanza, Haji Othmani alionekana kwenye lango la kaiyaba, begi moja, fimbo moja. Hakubisha hodi. Alisimama pale pale aliposimama akienda Makka.

Mwanasiti alitoka na mikono yenye unga.

"Mjomba, umelowa."

"Nilikuwa napita," alisema mzee. Njia ile haikuwa inaelekea popote.

Akampa chumba cha mbele, chenye jua la asubuhi. Gatimu aliposikia alikuja mbio.

"Mama Saumu! Umempa ruhusa?"

"Nimempa uji."

"Sema neno lenyewe! Mbele ya watu! Usimwache akae hivi hivi, mwisho awe yeye anakuletea karatasi!"

Mwanasiti alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini ni mtu anayejifunza. Idd ilipofika alialika majirani wote, akapika kwa sufuria kubwa, na kabla ya sinia kuguswa akasimama.

"Mjomba Othmani anakaa hapa kwa ruhusa yangu," alitangaza. "Nyote ni mashahidi."

"Mimi sikuomba ruhusa," alisema mzee kwa sauti, akiangalia wali.

"Hukuomba. Nimekupa."

Kila Idd husema vile, na kila Idd mzee hujibu vile. Mwaka huu wajukuu waliyasema maneno pamoja naye, wakagonga vijiko. Othmani alitafuna nyama polepole, akavuta uso.

"Ng'ombe gani huyu?"

"Wa miaka mitatu, mjomba."

Alitafuna tena, akatazama ua wa kaiyaba, akausoma mwanzo hadi mwisho. "Miaka kumi na miwili," alisema, "si mingi."

Alikuwa na umri wa karibu miaka tisini. Mwanasiti alimtazama meno aliyobakiwa nayo, akamtolea kipande laini kutoka sinia yake mwenyewe, akakikata vidogo vidogo.

"Inshallah, mjomba," alisema. "Kula."